Fomu anayoondoka nayo aliyeshindwa

Kwa wale mnaoanza kazi ya uchaguzi hapa Tanzania, uwe karani, msimamizi wa kituo au wakala wa chama: aliyeshinda hana shida na hesabu zako. Atakayezikagua ni aliyeshindwa, na atazikagua usiku, kwa tochi, akiwa na hasira. Basi andika fomu ya matokeo ya kituo kama mtu anayemwandikia huyo. Kwa ubunge, mafaili mengi ya kesi zilizopita yanaiita Fomu Na. 21B, na karibu kila mgogoro wa hesabu ukiufuata hadi mwisho unarudi kwenye karatasi hiyo.

Tuchukue kituo cha mfano, darasa la shule ya msingi huko Chemba. Daftari lina majina 431. Mmepokea karatasi 450 za ubunge. Saa kumi jioni inafika, waliokwisha kupanga foleni wanamalizia, kituo kinafungwa. Kabla ya kugusa sanduku lolote, fanya hesabu ya kwanza: waliopiga kura ni 287, kwa kuhesabu alama za tiki kwenye daftari, karatasi zilizoharibika ni 3, zilizobaki hazijatumika ni 160. Jumlisha 287, 3 na 160. Zinapatikana 450, sawa na mlizopokea. Soma namba hizo kwa sauti na mawakala waziandike kwenye madaftari yao. Wakishaziandika kabla sanduku halijafunguliwa, hakuna atakayesema baadaye kwamba zilitengenezwa ili zilingane na matokeo.

Kisha kagua lakiri za sanduku, namba zake zikilinganishwa na zilizoandikwa asubuhi, fungua, hesabu. Mgombea wa kwanza 141, wa pili 126, wa tatu 12, zilizokataliwa 8. Jumla 287. Kituo kimefunga vizuri.

Sasa kosa linaloharibu kituo kama hiki, nalo halihitaji mwizi. Karani amechoka, anakutana na neno "zilizokataliwa" na neno "zilizoharibika", anadhani ni kitu kimoja. Kumbe karatasi iliyoharibika ni ile mpiga kura aliyokosea akairudisha mezani akapewa nyingine. Haikuingia sandukuni kabisa. Iliyokataliwa imetoka sandukuni, ila haionyeshi imemchagua nani. Karani akizijumlisha anaandika zilizokataliwa 11. Jumla ya kura inakuwa 290 wakati waliopiga ni 287. Hakuna mgombea aliyeongezewa hata kura moja, lakini wakala wa aliyeshindwa anaondoka na karatasi yenye mhuri wa kituo inayosema kura zimezidi watu. Kumweleza asubuhi yake kwamba ni maneno mawili yamechanganywa ni kazi bure.

Ukigundua kosa kabla ya kusaini, kata namba mbaya kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, andika iliyo sahihi pembeni, weka sahihi yako, waombe mawakala waliopo nao wasaini hapohapo, na ufanye hivyo kwenye kila nakala. Usifute, usibandike, usipake rangi nyeupe. Nchini Malawi mahakama ilibatilisha uchaguzi wa rais wa 2019 mnamo Februari 2020, na miongoni mwa yaliyowaponza wasimamizi ni fomu za matokeo zilizofutwa kwa wino huo mweupe. Namba ikishafunikwa, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba iliyokuwa chini yake ilikuwa kosa tu.

Nakala nazo zina vituko vyake. Fomu zinazonakili zenyewe hufifia kadiri unavyokwenda chini, na wakala wa chama kidogo mara nyingi ndiye hupewa ya mwisho, isiyosomeka. Andika juu ya meza ngumu, kandamiza kalamu, kisha funua nakala ya chini kabisa uone kama 1 haijafanana na 7. Moja ibandikwe ukutani nje ya kituo.

Toka kituoni, fomu inakwenda kwenye majumuisho ya jimbo. Hapo kosa linalojirudia ni kugeuza tarakimu: 126 inaandikwa 162. Kuna ujanja wa wahasibu unaofaa hapa. Jumla zikigoma kulingana, chukua tofauti uigawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda kuna mtu amegeuza tarakimu mbili. 162 ukitoa 126 ni 36, yaani 9 mara 4. Hiyo si uthibitisho, ila inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Dawa yenyewe ni kusoma kila kituo kwa sauti, jina, namba ya kituo, kura za kila mgombea, na kusubiri mawakala wapitishe vidole kwenye nakala zao kabla ya kwenda kituo kinachofuata. Inachosha, hasa vituo vya pembezoni vinapofika alfajiri. Wanaokimbiza hatua hii ndio wanaoulizwa maswali mahakamani.

Na mahakamani kuna mipaka ambayo wakala mpya aijue mapema. Matokeo ya ubunge hupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu yatangazwe. Ya udiwani huanzia kwa hakimu mkazi. Mlalamikaji haonyeshi tu kwamba kanuni imekiukwa, anatakiwa aonyeshe kwamba ukiukwaji uliathiri matokeo. Kura 36 zilizogeuzwa, mshindi akiwa amepita kwa 900, hazitamwondoa. Zikiwa 36 na pengo ni 20, hiyo ni kesi nyingine kabisa, na ushahidi wake ni ile nakala iliyofifia.

Urais ni habari nyingine. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kenya walalamikaji wana siku 7 za kufungua shauri na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. 2017 ilifuta matokeo, 2022 ikayathibitisha, na mwaka huo wa pili Tume yao ilikuwa imeweka mtandaoni picha za fomu za vituo ili yeyote ajumlishe mwenyewe. Kwa maoni yetu, mlango wa mahakama ukiwa umefungwa, uwazi wa fomu unapaswa kuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa aliyeshindwa hana pengine pa kuzipeleka namba zake.

Uhuru wa Tume nao umeandikwa hata kwenye jina tangu sheria ya 2024: Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, yenye makao yake Njedengwa hapa Dodoma. Mwanakijiji hafiki Njedengwa. Anachokiona ni wewe, kwamba umeshuka kwenye gari la nani, umekula chakula kilichopikwa nyumbani kwa nani, na ulimwita wakala gani "ndugu yangu" mbele ya wengine. Mkwamo wa kawaida zaidi ni wakala kuzuiwa mlangoni saa moja asubuhi kwa sababu barua yake ya utambulisho au kiapo havijakamilika. Pengine kosa ni la chama chake, lakini kwenye taarifa yao litaandikwa "mawakala wetu walifukuzwa". Pata orodha ya majina siku zilizotangulia, piga simu kwa yule ambaye karatasi zake zina pengo, na siku yenyewe andika kwenye kitabu cha matukio jina lake, saa aliyofika, kilichokosekana na saa aliyoingia. Mpe naye asaini mstari huo.