Academic au General: nilivyolipia IELTS mara mbili

Nilipoomba nafasi ya shahada ya uzamili Kanada sikuwa na cha kuchagua. Chuo kilitaka IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ya aina ya Academic, nikajisajili hiyo, nikapata wastani wa 7, mambo yakaenda. Miezi kadhaa baadaye nikaanza kushughulikia ukaazi wa kudumu kupitia Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Matokeo yangu yalikuwa hayajatimiza miaka miwili, kwa hiyo nilijua yangetumika tu. Nilipofika sehemu ya lugha kwenye fomu, IELTS iliyokuwa ikikubaliwa ni General Training peke yake. Nilikuwa na alama nzuri za mtihani ambao uhamiaji wa Kanada hauutambui kwa njia hiyo, na hakuna namna ya kubadilisha matokeo ya Academic yawe ya General. Unafanya mtihani upya, unalipa upya.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague ipi, namuuliza: matokeo unampelekea nani? Ukisema "nahamia" au "nasoma" bado hujajibu. Australia na New Zealand, kwa uhamiaji wa wenye ujuzi, hupokea zote mbili, hivyo anayetaka kusoma huko kisha abaki anaweza kujipanga na Academic moja. Muuguzi anayeenda Uingereza haendi kusoma, anaenda kazini, lakini baraza la wauguzi la huko, NMC, hutaka Academic. Nimeona watu wakinaswa hapo kwa sababu tu neno "kazi" liliwapeleka kwenye General. Uingereza pia ina IELTS yake ya viza, inayoitwa IELTS for UKVI, ambayo husajiliwa kivyake. Kama barua yako inataja UKVI, ile ya kawaida haitoshi.

Sasa turudi kwenye General, maana niliiendea kwa dharau. Kusikiliza na kuzungumza ni sawasawa kwa mitihani yote miwili. Tofauti iko kwenye kusoma na kuandika. Kusoma kwa Academic ni makala tatu ndefu, za aina unayoweza kukuta kwenye jarida la sayansi. General huanza na matangazo mafupi, ikaingia kwenye maandishi ya kazini kama mikataba na maelekezo kwa wafanyakazi, na makala ndefu huja mwishoni, moja tu. Ukiitazama unasema hii ni ya kupita.

Lakini wasahihishaji wanajua ni nyepesi, na alama zimepangwa hivyo. Maswali ni 40 kote. Kwenye Academic, kupata 30 kwa kawaida hukupa bendi 7. Kwenye General, 30 zilezile hukupa 6, na ili ufike 7 unahitaji kama 34. Nilipofanya mazoezi nyumbani nilipata 31 na nikajipongeza, hadi nilipoangalia jedwali la alama. Nafasi ya kukosea ilikuwa imeshuka kutoka maswali kumi hadi sita, na mengi niliyokosa yalikuwa kwenye yale matangazo mafupi niliyoyapitia mbiombio. Pale swali hutegemea neno dogo kama "isipokuwa" au "wikendi tu".

Kwenye kuandika, swali la pili ni insha ya maneno 250 kote, na ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. La kwanza, la maneno 150, ndilo linalobadilika. Academic hukupa grafu, jedwali au mchoro. Unaeleza kinachoonekana, unalinganisha, unataja mwelekeo mkuu, na hutoi maoni wala sababu. General hukupa barua yenye mambo matatu ya kugusa, na ukiacha moja unapunguziwa. Mimi niliponzwa na sauti ya barua. Nilitakiwa kumwomba radhi rafiki kwa kutohudhuria sherehe yake, nikamwandikia kama naiandikia benki. Miezi ya kueleza grafu ilikuwa imenikausha. Nililazimika kufanya mazoezi ya barua za aina tatu: kwa rafiki, kwa mtu ninayemfahamu kidogo kama mwenye nyumba, na kwa ofisi nisiyoijua.

Jambo jingine ambalo Academic haikunizoesha: chuo kiliangalia wastani, na kwamba hakuna sehemu iliyoanguka chini ya kiwango chake. Express Entry hupima kila sehemu peke yake kwa ngazi za CLB, kipimo cha Kanada cha uwezo wa lugha. Ngazi ya 9, ambayo wengi huilenga kwa sababu ya pointi, hutaka 7 kwenye kusoma, kuandika na kuzungumza, lakini 8 kwenye kusikiliza. Wastani hauokoi kitu. Majibu yangu yalipotoka nilikuwa na 7 ya kusoma, na barua nazo hazikuniangusha. Kusikiliza kulikuwa 7.5, yaani CLB 8, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuifanyia mazoezi hata siku moja, kwa kuwa nilishaifanya kwenye Academic.