Ratiba ya ukarabati wa ploti: rangi, gata na paa viende kwa mpangilio gani?

Swali: Baba alituachia ploti ya nyumba 12 Kahawa West, ghorofa tatu, paa la mabati lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi wa juu. Wapangaji wanataka ratiba ya mwaka iliyoandikwa, wamechoka na mafundi wa kushtukiza. Nimepanga kukagua paa Aprili, kupaka rangi ya nje Julai kwa kuwa mvua imeisha, na kusafisha gata Desemba watu wakiwa wamesafiri mashambani. Nibandike hivyo kwenye ngazi?

Jibu: Usibandike bado, ndugu yangu. Kazi ulizoorodhesha ni zenyewe, ila tarehe zote tatu zimekaa vibaya. Aprili masika yamepamba moto, na hakuna fundi mwenye akili atakayetembea juu ya mabati yaliyolowa. Julai mvua haipo, lakini ndio mwezi wa baridi zaidi Nairobi: mawingu siku nzima, umande hadi saa nne asubuhi. Ukuta uliokunywa maji tangu Machi haupati jua la kuukausha. Ukiufunika kwa rangi, unyevu unabaki ndani ukitafuta njia, na baada ya miezi michache rangi inafura malengelenge. Na Desemba, mvua za vuli zitakuwa zimeshamwaga kila kitu juu ya gata zilizoziba.

Mimi husimamia majengo ya watu, na ratiba zangu zote huanza Septemba, si Januari. Paa hukaguliwa Septemba kukiwa kukavu, matundu yanazibwa, kisha mvua za Oktoba hadi Desemba zinakuwa mtihani wa kazi ya fundi. Dari likipita vuli bila doa jipya, ndipo Januari ninaanza kufikiria rangi. Rangi ndiyo mwisho wa mlolongo. Nilijifunza hivyo kwa hasara: niliwahi kupaka ubavu mzima wa jengo kabla ya kuangalia gata iliyo nyuma ya ukuta wa juu, na msimu uliofuata rangi ilibanduka kwa vipande vikubwa kama maganda ya muwa.

Kwa ploti yako, gata ndiyo inayonitia wasiwasi. Ukuta ule mfupi unapendeza kutoka barabarani, lakini umeligeuza paa lako kuwa beseni. Tuseme paa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani mita 200 za mraba. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo mvua ya milimita 50 inaleta lita 10,000, tangi kubwa zima, na yote yanatafuta paipu mbili au tatu za kushukia. Kwenye nyumba ya kawaida gata ikiziba, maji humwagika nje. Kwako hayana pa kumwagikia, kwa hiyo yanapanda hadi yapite chini ya ncha ya mabati, yaingie darini na kuteremka kwenye kuta za ghorofa ya tatu. Mpangaji wa juu akikuambia ukuta umelowa karibu na dari ilhali mabati hayana tundu, anza na gata.

Ondoa uchafu kwa mkono na mwiko, uutie kwenye magunia. Usikubali kijana ausukume kwa maji ndani ya paipu, maana utaenda kuziba kwenye kona ya chini ambako mkono haufiki. Kisha mwaga ndoo ya lita 20 upande wa juu wa gata na utazame. Maji yakituama, mteremko umekufa. Uwe angalau sentimita 1 kwa kila mita 3. Ukiwa huko juu, mwambie fundi atoboe ukuta ule mfupi tundu la dharura, chini kidogo ya usawa wa ncha ya mabati. Siku gata itakapoziba, maji yatachuruzika nje na kila mtu ayaone, badala ya kuingia nyumbani kwa mtu.

Andika usafishaji mara tatu: Jumamosi ya mwisho ya Februari, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na Jumamosi ya pili ya Novemba. Hiyo ya Novemba ni kwa sababu ya mijakaranda. Maua yake huanguka katikati ya vuli, yanalowa na kuwa uji unaoziba mdomo wa paipu. Kama hakuna mti karibu nawe, ifute.

Ukaguzi wa paa uwe Jumamosi ya pili ya Septemba. Anza ndani: panda darini adhuhuri bila taa, funga mlango wa dari, utulie dakika chache. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama kwa chaki kisha upande juu, ukikanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa kuwa ndipo penye mbao. Tazama mipira iliyo chini ya vichwa vya misumari. Jua huikausha ikapasuka. Msumari uliolegea usigongwe tena kwenye tundu lilelile, weka skrubu nene zaidi yenye mpira mpya. Tafuta pia matundu ya mafundi wa madishi ya televisheni na nyaya za intaneti. Hao wametoboa mabati mengi mjini kuliko kutu. Kwenye ratiba andika wazi kwamba hakuna anayepanda paani bila msimamizi wa ploti kujua.

Rangi ya nje ianze wiki ya tatu ya Januari na imalizike katikati ya Februari. Huna haja ya kupaka jengo zima kwa mwaka mmoja. Chukua ubavu mmoja kila mwaka, ukianza na wa mashariki, kwani upepo wa Nairobi huvuma zaidi kutoka huko na mvua nao. Kabla ya kununua rangi, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, kingo zote zizibwe kwa tepu, ukiache saa 24. Ukikuta matone upande uliogusa ukuta, ahirisha. Rangi za ndani zisiingie kwenye ratiba hii. Zipake mpangaji anapohama.

Sasa karatasi yenyewe. Tarehe peke yake haimsaidii mpangaji. Kila mstari useme saa, anachopaswa kufanya, kama fundi ataingia ndani, na siku ya akiba iwapo mvua itanyesha. Kwa mfano: “Jumamosi ya pili ya Septemba, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana: ukaguzi wa paa. Tafadhali toeni nguo kwenye kamba za juu. Fundi na msimamizi wataingia nyumba nambari 9 hadi 12 kuangalia dari, dakika 10 kila nyumba. Mvua ikinyesha, ni Jumamosi inayofuata.” Rudia taarifa siku saba kabla, kwa maandishi.

Wala usiiandike kama hisani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye jengo aliyekodisha sehemu tu ya jengo aweke paa, kuta za nje na mifereji mikuu katika hali nzuri. Wapangaji wako wakisoma kwamba paa “litakaguliwa hali ikiruhusu”, watajua unawazungusha.