Paipu ikilia, zima moto: kwa vijana wanaoanza kulehemu kopa

Juzi nimepanda juu kwenye nyumba moja ya wageni huko Shela, Lamu, nikamkuta kijana wangu amepiga magoti, tochi ya gesi imeelekezwa kwenye elbo ya milimita 22. Flaksi, ile dawa ya kupaka ili lehemu ishike, imeshakuwa nyeusi, paipu inalia chss, chss, chss. Mwenzake amesimama kando na waya wa lehemu mkononi, anasubiri.

"Unasikia sauti hiyo?" nikamuuliza.

"Ni flaksi inachemka, fundi."

"Imeanza lini?"

"Kitambo."

Mwenzake akashauri gesi iongezwe. Nikaizima mwenyewe. Hawa ni watoto wazuri, wanafika kazini kabla yangu na mikono yao ni myepesi. Lakini huyu ni wa nne mwaka huu kumkuta akichemsha maji ndani ya paipu huku akidhani analehemu, na mimi sina tena subira ya kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo naliandika, kwenu nyote mlioanza kushika tochi karibuni.

1. Usafi. Mnaujua: baada ya kukata, toa makali ya ndani, piga msasa paipu mpaka ing'ae, piga brashi ndani ya fitingi, usiguse tena kwa vidole, kisha flaksi nyembamba juu ya paipu. Nimemaliza.

2. Moto. Pasha fitingi, usipashe lehemu. Waya uguse upande ule ambao moto haupo. Ukiyeyuka pale, ujue kopa yenyewe imeshika joto, na lehemu itavutwa ndani ya ule mwanya mwembamba hata kama paipu imesimama na fitingi iko juu. Tena wakati wa kusi msifanye kazi hii juu ya paa bila kizuizi cha upepo. Ndimi za moto hulala upande mmoja, upande wa pili unabaki baridi, na nyinyi mnaishia kulaumu lehemu.

3. Maji. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Lehemu isiyo na risasi, hii tunayotumia kwenye maji ya kunywa na kuoga, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi. Maji huchemka kwenye 100. Maadamu kuna maji yaliyogusa ukuta wa paipu pale unapopasha, joto lako lote linaishia kuyageuza mvuke, na kopa ya mahali pale haivuki sana hiyo 100. Unaweza kupuliza moto mpaka mtungi uishe. Flaksi nayo haingoji. Inaungua, inakuwa nyeusi na ngumu, na kopa iliyokuwa safi inashika kutu ya moto ambayo lehemu haiwezi kuing'ang'ania.

Kinachowadanganya ni kwamba jointi huonekana imeshika. Kwenye paipu iliyolala, maji kidogo hukaa chini, juu pakavu. Basi upande wa juu unapata joto, lehemu inayeyuka, inang'aa, inazunguka kidogo pembeni, na wewe unafurahi. Chini, mahali ambapo jicho lako halifiki, haikuingia hata tone.

Najua haya kwa sababu nilimharibia mtu nyumba yake.

Ilikuwa Mkomani, nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, kwa bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu. Alitaka bafu la juu lipate maji ya moto kutoka kwenye solari iliyoko paani. Kazi yenyewe ni ndogo: kata paipu ya 22 iliyolala kando ya ukuta, tia tii, shusha 15 mpaka bafuni. Paipu ile ilipita juu kidogo ya sakafu, na chini ya sakafu ni dari ya boriti za mikoko ya chumba cha binti yake.

Nikafunga valvu ya tangi. Valvu ilikuwa ya zamani na haikufunga sawasawa. Nilipokata paipu, maji yalimwagika kama nilivyotegemea, kisha yakapungua, yakabaki matone: moja, nahesabu mpaka sita au saba, jingine. Nikajiambia si kitu. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, na nilitaka kufuturu nyumbani. Nikapangusa kwa kitambaa, nikatia tii, nikawasha.

Ikaanza kulia. Na mimi, kama kijana wangu wa juzi, nikasema ni flaksi.

Sikilizeni vizuri tofauti yake, kwa maana hii peke yake ingeniokoa. Flaksi hutoa sauti ndogo mara tu moto unapofika, hububujika, huyeyuka ikawa kama mafuta, kisha hunyamaza. Yote hayo ni nusu dakika, au chini ya hapo. Maji hayanyamazi. Yanalia, yanapumzika, yanalia tena kila tone jipya linapofika, na ukiangalia mdomo wa fitingi utaona mvuke au vipovu vinavyotoboa ile lehemu iliyokwisha kuyeyuka. Kwa paipu ya 22, fitingi safi na kavu haihitaji zaidi ya dakika moja au mbili kukubali lehemu. Mimi nilipasha karibu robo saa.

Ishara ya pili niliishika mkononi na bado sikuisoma. Jointi ya 22 hunywa lehemu ya urefu kama upana wa paipu yenyewe, yaani milimita ishirini na kitu za waya wa milimita 3. Mimi nilikuwa nimetia zaidi ya nusu shibiri mdomo mmoja tu. Lehemu ile haikuwa imeingia. Ilikuwa imejikusanya nje kama nta ya mshumaa, na nilipoona shimo linatoa mvuke nikaongeza nyingine juu yake. Lehemu iliyorundikwa nje haizibi chochote. Inayoziba ni ile iliyovutwa ndani, kwenye mwanya wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

Nikafungua maji. Nikangoja dakika tano. Hapakutoka kitu, kwa sababu flaksi iliyoungua ilikuwa imeziba kama lami. Nikamwambia bibi kazi imekwisha, akanifungia tende na sambusa za kufuturia njiani.

Alfajiri mjukuu wake akaja kunigongea. Maji ya moto ya solari yalikuwa yameilainisha ile flaksi usiku, ikatoka, na tii ikavuja upande wa chini, polepole, usiku kucha. Yalipita kwenye sakafu, yakashuka kwenye boriti, yakadondokea sanduku la binti. Ndani yake mlikuwa na nguo zilizowekwa kwa ajili ya arusi yake baada ya Idi, kanga na leso zimekunjwa doti kwa doti, rangi zimeingiliana. Pande la chokaa la ukubwa wa sinia lilikuwa limeanguka kitandani. Binti alikuwa ameamka kwa daku, ndiyo salama yake. Bibi hakunipigia kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, jana si uliniambia umemaliza?"

Nililipa nguo kwa miezi mitatu. Chokaa nilitafuta mwashi nikamlipa. Ile sentensi yake sina cha kuilipia.

Tii nikaikata kwa msumeno kwa urefu, nione. Nusu ya juu lehemu imeingia mpaka ndani, nyeupe, nzuri. Nusu ya chini kopa tupu, na kamba nyeusi ya flaksi iliyoungua. Mpaka kati ya hizo mbili umenyooka kama uliopigwa rula, pale pale maji yalipokuwa yamelala. Kipande hicho ndicho ninachowaonyesha nyinyi kila mnapokuja kuanza kazi, na ndicho mnachokishika mkakirudisha bila kukitazama.

4. Dawa yake. Kwanza toa maji kwa uhakika: fungua bomba la chini kabisa la nyumba na la juu pia, ili hewa iingie maji yashuke. Valvu isiyofunga usiitegemee. Mwaga tangi au ifungue laini upande wa tangi. Yakibaki matone tu, chukua boflo. Toa nyama ya katikati, ile laini, acha ganda. Ifinye iwe tonge, isukume kwa kalamu ndani ya paipu iende mbali na jointi, shibiri nzima au karibu na hapo. Itanyonya matone kwa dakika kadhaa, na hizo dakika ndizo unazozihitaji. Usiisindilie ikawa gundi, wala usiisukume mahali ambapo baada yake kuna valvu ndogo au kichwa cha bafu. Ukimaliza, fungua kwanza bomba lisilo na chujio, itoke yote vipande vipande. Kama maji yanatiririka na huwezi kuyazuia, mkate hautasaidia: tia fitingi ya nati na pete, ikaze kwa spana, usiwashe moto kabisa.

Na jointi iliyokwisha kuungua flaksi haipashwi upya. Ivue, sugua kopa mpaka ing'ae, weka fitingi mpya.

5. Jointi ya mwisho. Mkishafunga laini yote na kubakiza jointi moja, acheni bomba moja wazi. Hewa iliyofungiwa ndani hupanuka kwa joto na hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye lehemu yako ambayo bado ni maji. Huacha kitundu kama cha sindano.

6. Ikishashika, usiitikise wala usiimwagie maji mpaka ule mng'ao wa umajimaji utulie na lehemu iwe ngumu. Kisha ipanguse kwa kitambaa chenye maji, kwa maana flaksi inayobaki huila kopa na kuipaka ukijani. Kwenye nyumba za boriti, ndoo ya maji iwe karibu kabla hujawasha, na usiondoke mpaka umegusa mbao zote kwa mkono.

Juzi Shela tulianza upya. Elbo ikatupwa, paipu ikasuguliwa, kijana mmoja akatumwa boflo dukani akarudi nusu ameila, tukapata nyama ya kututosha. Moto dakika moja na kidogo, bila sauti. Waya ukaguswa nyuma, ukazama, pete nyembamba ya fedha ikatokeza mbele mdomoni pote. Tukafungua maji baridi, kisha ya moto, tukafunga karatasi kavu ya shashi kuzunguka jointi, upande wa chini hasa, na tukaiacha usiku mzima. Asubuhi nilimwacha yeye mwenyewe aifungue.

"Kavu, fundi," akasema, akanipa mkononi.