Kapigwa USDT, sasa kapata "mtaalamu" wa kumrudishia hela

Swali: "Wakuu, shemeji yangu yupo Moshi, kapigwa milioni 4.8 kwenye programu ya uwekezaji, alituma kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali ya dola. Sasa kuna mtu kamfuata WhatsApp, anasema hela imepatikana, na salio kamwonyesha kwenye tovuti. Ila anataka 350,000 kwanza ya kufungulia. Atume?"

Asitume mkuu, hata shilingi mia.

Nadhani kinachomvuta shemeji yako ni kwamba huyo mtu anajua kiasi kilichopotea, pengine mpaka tarehe. Taarifa hizo tapeli wa kwanza anazo, na orodha za waliopigwa huuzwa. Mara nyingi ni kundi lile lile limebadilisha laini tu. Wengine huokota watu kwenye maoni ya Facebook: ukiandika umeibiwa, zinakuja akaunti tatu zote zinamsifia "mtaalamu" mmoja.

Tuje kwenye hilo salio, maana ndilo linalomaliza watu. Tovuti ni ya kwake, kwa hiyo namba inayoonekana pale kaiandika mwenyewe. Lakini USDT haifichiki, kila muamala unabaki kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Kama anwani ya pochi ambako shemeji yako alituma hela inaanza na herufi T, hela ilipita mtandao wa Tron. Basi amwambie huyo mtu: "Nipe TXID ya muamala uliorudisha hela yangu." Ni namba ya utambulisho ya muamala, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Aubandike kwenye tronscan.org, bure, bila kujisajili, na asiufungue kwa kiungo atakachotumiwa. Aiandike anwani ya tovuti mwenyewe.

Mara nyingi hakitapatikana chochote, au huyo mtu ataanza kufoka kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Wakati mwingine muamala upo kweli, ila ni wa watu wengine kabisa: tarehe, kiasi na anwani haviendani na vya kwake. Mtego mbaya zaidi ni pale kila kitu kinaonekana sawa na sarafu imeandikwa USDT, kumbe ni ya kughushi. Kwenye Tron mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu na kuipa jina hilo. Abonyeze jina la sarafu aangalie anwani ya mkataba wake. USDT halisi ya Tron ni hii moja tu:

```
TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t
```

Ikitofautiana hata herufi moja, hiyo si hela.

Tuseme amevuka yote hayo. Amwambie akate ada yake humo humo kwenye hiyo milioni 4.8. Atajibiwa mfumo hauruhusu. Ukweli ni kwamba gharama ya kuhamisha USDT kwenye Tron hulipwa kwa TRX, sarafu ya Tron yenyewe, na haifiki hata shilingi 30,000. Laki tatu na nusu haina pa kwenda isipokuwa mfukoni mwa mtu. Na akishalipa, itazuka "kodi", halafu "cheti cha kuthibitisha si fedha haramu", kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, kwa sababu sasa wanajua analipa.

Kuhusu hela ya mwanzo niseme bila kumpamba: muamala wa USDT hauwezi kutenguliwa na mtu binafsi, awe wakili au mdukuzi. Kampuni ya Tether, inayotoa USDT, inaweza kuzuia USDT iliyo kwenye anwani fulani, lakini inafanya kazi na vyombo vya dola, si na mtu wa WhatsApp. Kwa hiyo njia yake ni polisi. Aende na picha za mazungumzo, TXID za miamala aliyotuma yeye na anwani za waliopokea, zikiwa zimechapwa, maana kuzinakili kwa mkono ni kukaribisha makosa. Achukue RB. Nafasi ni ndogo, na kadiri siku zinavyopita ndivyo hela inavyozidi kuhamishwa.

Kama ameshatuma hiyo laki tatu na nusu kwa simu, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika hii. Muamala unaweza kuzuiwa endapo hela bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji. Wakishaitoa kwa wakala, imekwenda.

Na aulizwe vizuri kama aliambiwa apakue AnyDesk au programu nyingine ya kuendesha simu kwa mbali. Kama ndiyo, azime intaneti, aifute, kisha abadilishe namba za siri za benki na za pesa za simu akitumia simu nyingine. Kama alituma picha ya kitambulisho cha NIDA, apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Asiyoitambua aende akaiondoe dukani kwa mtandao husika. Kama walimtumia SMS ya kawaida, aipeleke 15040, ataombwa namba iliyotuma.

Akishawakatalia watarudi kwa jina jingine, mara nyingi wakijiita polisi wa kimataifa au Benki Kuu, wakisema wamemkamata yule wa kwanza. Nao watataka ada.