Mshahara, kamisheni au kwa kipande? Hesabu ya karakana ya sare za shule

SWALI: Nina karakana ya kushona sare za shule Mwanza, mafundi sita, mkataji mmoja na dada anayepokea oda. Cherehani zote ni zangu. Nilikuwa nalipa kila fundi 240,000 kwa mwezi, siku 26, na kila mmoja alikuwa akitoa mashati matano kwa siku. Nikahamia kwa kipande, 1,500 kwa shati. Wakafika manane, lakini oda ya shule moja ya mashati 300 ikanirudia: 40 yamerudishwa, 15 kati yake hayafai hata kurekebishwa. Kitambaa cha shati moja ni 5,000. Sasa mkataji naye anataka alipwe kwa kipande, na dada wa oda anataka kamisheni ya asilimia 3. Nirudi kwenye mshahara?

JIBU: Usirudi kwenye mshahara mtupu, lakini pia usimlipe kila mtu kwa njia moja. Mafundi wabaki kwenye mfumo unaohesabu kazi, ila wawekewe mshahara wa msingi chini yake. Mkataji abaki na mshahara wake. Dada apewe kamisheni, ila si hiyo anayoiomba.

Tuanze na mashati. Fundi wa 240,000 anayetoa mashati 130 kwa mwezi anakugharimu karibu 1,846 kwa kila shati. Kwa kipande unalipa 1,500, kwa hiyo kila shati linakuokolea shilingi 346. Naye fundi akishona manane kwa siku anafikisha 312,000 kwa mwezi. Wote mmefaidika, na ndiyo maana mfumo huu unavutia sana mwezi wa kwanza.

Ila shati moja likiharibika moja kwa moja unapoteza kitambaa cha 5,000, na unalipa 1,500 nyingine kulishona upya. Hiyo ni 6,500, yaani akiba ya karibu mashati 19. Kwenye oda yako mashati 300 yalikuokolea 103,800, na mashati 15 ya kutupa yakala 97,500. Hapo bado hujahesabu vifungo, nauli ya kwenda na kurudi, wala muda wa kurekebisha yale 25 mengine. Faida imeisha kabla hujamtazama mwalimu mkuu usoni. Kwa bei zako, basi, kipande kinalipa tu kama shati linaloharibika halifiki moja kati ya 19.

Ubora ulishuka kwa sababu ulimlipa fundi kwa kuhesabu, naye akakupa hesabu. Jambo la kwanza analofanya fundi anayekimbilia idadi ni kusogeza kile kimkono cha urefu wa mshono, kutoka kwenye 2 na nusu hadi kwenye 4. Cherehani inazunguka vilevile lakini kitambaa kinapita haraka zaidi. Kwa mbali shati linapendeza. Mtoto akivuta mkono mara mbili, kwapa linafunguka. Weka rula kwenye mshono wa ubavuni uhesabu mapigo ya sindano ndani ya inchi moja. Shati la shule linataka 10 hadi 12. Ukikuta 6 au 7, umeshajua kilichotokea.

Kisha angalia mwanzo na mwisho wa mshono, kama fundi alirudisha cherehani nyuma kufunga uzi au aliukata tu akaendelea. Geuza kola uangalie ncha zake, maana asiyepunguza kitambaa cha ndani kwenye kona hutoa kola yenye ncha butu. Mwisho, vuta kifungo kimoja kwa vidole. Ukaguzi huo hauzidi dakika mbili kwa shati, na ndio uliokosekana kwako. Kila fundi awe na namba yake, aiandike kwa kalamu kwenye kipande kidogo cha kitambaa kinachoshonewa ndani ya ubavu. Shati linahesabika likishapita mkononi mwa mkaguzi, si likitoka kwenye cherehani. Likikataliwa kwa kosa la mshonaji linarudi kwa namba ileile. Likiwa na kosa la ukataji, mshonaji alipwe muda wake wa kulirekebisha, kwani si yeye aliyekosea.

Hapo ndipo suala la mkataji linapoingia, na kwake nakuomba usiyumbe. Mkataji anatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, anapanga paterni juu, kisha anakata. Ukimlipa kwa kipande ataongeza tabaka ili akate nyingi kwa mara moja, hatasubiri kitambaa kitulie baada ya kukunjuliwa, na tabaka za chini zitateleza. Mgongo wa tabaka ya juu utakuwa sawasawa, wa chini utapungua nusu inchi. Kosa hilo halionekani mezani. Linaonekana siku mbili baadaye, mshonaji anapojaribu kukutanisha ubavu na ubavu na haukutani, na lawama inamwangukia yeye. Zaidi ya hapo, paterni zikipangwa kwa haraka na shati moja likala sentimita 10 zaidi ya kitambaa cha 4,000 kwa mita, zimekwenda 400, ambazo ni nyingi kuliko akiba yote uliyoipata kwa mshonaji.

Wapo wanaojaribu kumpa mkataji zawadi kwa kila mita anayookoa. Mimi siipendi. Mita inaokolewa kwa kupanga paterni vizuri, na pia inaokolewa kwa kupunguza nafasi ya mshono, na huwezi kujua ametumia njia ipi mpaka mashati yaanze kuwabana watoto. Mlipe mshahara mzuri kidogo kuliko mafundi, umwache afanye kazi kwa utulivu.

Kuhusu dada wa oda, chukua mfano wa mashati 100 kwa 12,000. Oda ni 1,200,000, na asilimia 3 yake ni 36,000. Shule ikiomba punguzo la 1,000 kwa shati naye akakubali, kamisheni yake inapungua 3,000 tu, wakati wewe umepoteza 100,000. Kwake kukubali ni rahisi kuliko kubishana, na hapo si tamaa, ni hesabu uliyomwekea wewe. Sasa toa kitambaa 500,000, vifungo na uzi tuseme 60,000, ushonaji 150,000, zinabaki 490,000. Mpe asilimia 8 ya kilichobaki. Bila punguzo anapata 39,200, zaidi ya alichoomba. Akitoa punguzo lilelile anapoteza 8,000. Kwa kuwa bado tofauti ni kubwa, mwekee pia bei ya chini asiyoruhusiwa kuishuka bila wewe. Na kamisheni ilipwe fedha zikishaingia, kwa sababu shule zikichukua sare Januari zikalipa Mei, utakuwa umemlipa kwa ahadi. Tarehe ya kukabidhi mzigo nayo apange na mkataji kwanza, asijitolee mwenyewe mbele ya mteja.

Nirudi kwa mafundi. Kipande kitupu kina kasoro nyingine utakayoiona msimu wa sare ukipita: hatari yote ya siku mbovu anaibeba fundi. Umeme ukikatika saa tatu, kitambaa kikichelewa, oda zikipungua, yeye hapati kitu. Fundi mzuri hatakaa kukungoja. Ataenda kwa jirani, na Desemba mwingine utamtafuta humpati. Hatafundisha kijana mpya, wala hatatia mafuta cherehani, kwa sababu dakika hizo hazilipwi.

Ndiyo maana napendekeza uwape mshahara wa msingi wa 240,000 kwa lengo la mashati 36 kwa wiki, yaani sita kwa siku. Kila shati lililokubaliwa juu ya hapo ulipe 1,500. Anayetoa manane kwa siku atakuwa na mashati 208 kwa mwezi, 52 juu ya lengo, ambayo ni 78,000. Jumla anapata 318,000 na shati linakugharimu karibu 1,529. Umeongeza shilingi 29 tu kwa shati ukilinganisha na kipande kitupu, na umenunua utulivu wa fundi. Lengo liwe la wiki ili siku moja mbaya ifidiwe na nyingine, na saa za umeme kukatika zipunguzwe kwenye lengo. Kwa sketi za marinda na kaptura pima upya: mchukue fundi wa wastani, si hodari wenu wala mwanafunzi, mpime akishona kadhaa mfululizo, kisha ongeza karibu moja ya tano kwa uzi kukatika, kubadilisha bobini na kunyoosha mgongo. Usipofanya hivyo wote watagombea mashati, na marinda yatalala kwenye kikapu.

Sheria nayo ina neno hapa. Kwa kuwa cherehani ni zako na mafundi wanafanya kazi kwako kila siku, kuwaita vibarua wa kipande hakuwaondolei haki za mwajiriwa. Kima cha chini cha sekta yako kinabaki palepale hata fundi ashone mawili. Angalia Amri ya Mshahara iliyoanza 1 Januari 2026, uhakikishe msingi wako hauko chini yake. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na anayelipwa kwa kazi badala ya muda hukokotolewa mshahara wake wa wiki kwa kuangalia alichopata wiki 13 zilizotangulia. Kwa hiyo tunza daftari la kila namba. Kuhusu yale mashati 15, usikate tu kwenye malipo ya fundi. Makato ya hasara yanataka kosa liwe lake, apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na yasizidi robo ya malipo yake.

Jambo ambalo wenye karakana wengi hulikosea ni bei. Fundi mmoja akifika mashati kumi na kuondoka na 396,000, utashawishika kushusha 1,500 iwe 1,200. Ukishusha mara moja, wengine wote watajua kwamba anayekimbia anakatiwa, na kuanzia hapo hakuna atakayevuka saba, hata awe na uwezo wa kumi na mbili. Bei ibadilike tu kama kazi yenyewe imebadilika, kwa mfano umenunua mashine ya kutoboa matundu ya vifungo, na iandikwe ukutani kabla wiki haijaanza.

Anza sasa kwa oda moja ya shule moja, kabla ya msimu wa Desemba, ukae na daftari mwezi mzima. Yatazame mashati yaliyokubaliwa mara ya kwanza, mita za kitambaa kwa shati, na fedha zilizoingia kwa kila oda. Mashati ya fundi mmoja yanayoharibika moja kwa moja yakikaribia moja kati ya 19, simamisha nyongeza ya fundi huyo uangalie cherehani yake kwanza, kisha yeye.