Ile kilo ya wiki ya kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi pale Sakina alinifuata na simu mkononi, kwenye kioo kuna picha ya mizani. "Shikamoo kaka. Ona, siku sita tu za kreatini nimetoka 66 mpaka 67.5. Nimejaza!" Na kweli, shati lilikuwa limembana mikononi. Alikuwa anakunywa gramu 20 za unga huo wa kuongeza nguvu ya mazoezi kwa siku, kagawa mara nne, na alitaka kuongeza dozi kwa sababu kasoma kwamba seli ya msuli ikivimba inatuma ishara ya kukua. Kwa hesabu yake, akivimba zaidi atakua zaidi.

Nilimwomba asiongeze, na sababu nilizompa ndizo ninazoziandika hapa.

Tuanze na ile kilo na nusu. Mtu wa kilo 70 hubeba mwilini kreatini kama gramu 120, karibu yote ikiwa ndani ya misuli. Nyingine mwili unaitengeneza wenyewe, nyingine inatoka kwenye nyama na samaki. Lakini hata huku kwetu tunakopenda nyama choma, kilo nzima ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 au 5 tu, na sehemu hupotea motoni. Ndiyo maana ghala la msuli linabaki na nafasi. Ukinywa unga wake, akiba hupanda kwa karibu sehemu moja ya tano, yaani gramu 25 hivi, kisha ghala linajaa. Kinachozidi unakikojoa. Kwa hiyo gramu 1,500 zilizoonekana kwenye mizani haziwezi kuwa kreatini yenyewe, na hakuna mtu anayejenga nyama ya msuli ya uzito huo kwa siku sita.

Ni maji. Ukitengeneza kachumbari, chumvi ukiitia juu ya kitunguu inavuta maji yatoke ndani ya kitunguu, kwa sababu maji hufuata upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Kwenye msuli mambo ni yale yale, ila yamegeuzwa. Kreatini inaingizwa ndani ya seli kupitia mlango wake maalumu, ikisindikizwa na sodiamu. Sodiamu hutolewa tena nje, kreatini inabaki ndani, na maji yanaifuata. Nilimpigia hesabu kwenye karatasi: gramu 25 za kreatini zinatosha kushikilia maji kama theluthi mbili ya lita. Kilichobaki kwenye ile kilo na nusu kina maelezo mepesi, maana wiki ile alikuwa anakula ugali mara mbili ya kawaida, na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli nao hukaa na maji yake.

Maji haya yako ndani ya msuli, kwa hiyo hayakupi uso wa kuvimba wala miguu ya kuvimba. Ukibonyeza kifundo cha mguu na kidole kikaacha shimo, hilo ni jambo lingine kabisa. Nenda hospitali ukapimwe.

Sasa hiyo ishara. Wazo lenyewe si la kijiweni. Mwaka 1993 daktari Mjerumani Dieter Häussinger na wenzake waliandika kwamba kiasi cha maji ndani ya seli kinaongoza kazi ya protini: seli ikijaa maji inapunguza kubomoa protini na kuelekea kujenga, ikisinyaa inabomoa. Walikuwa na msingi mzuri, kwa sababu homoni ya insulini huvimbisha seli za ini na mpinzani wake, homoni ya glukagoni, huzisinyaza, na ujenzi na ubomoaji hufuata. Hizo lakini ni seli za ini. Walioanza kutumia kreatini waliona misuli yao imejaa maji, wakaunganisha mawili hayo.

Ilipopimwa kwenye msuli wa binadamu moja kwa moja, picha ikawa tofauti. Mwaka 2003 watafiti waliwapa wanaume wenye afya kreatini gramu 21 kwa siku kwa siku tano, kisha wakapima kasi ya kujenga na kubomoa protini ya msuli wakiwa wamepumzika, kabla ya kula na baada ya kula. Haikubadilika. Utafiti wa Kanada wa 2008 ulikuta kwamba baada ya siku kumi jeni kadhaa zinazohusika na kuhisi maji na ukuaji huamka zaidi, na hilo nalichukulia kwa uzito: seli inahisi kweli kwamba imejaa. Ila jeni kuamka ni hatua ya mbali na nyama kuongezeka. Nionavyo mimi, kuvimba kukiwa na mchango ni mdogo. Faida inayoonekana wazi ipo kwenye marudio. Kreatini ni akiba inayorudisha nguvu ya sekunde za mwanzo, ukapata rudio la tisa pale ulipokuwa unaishia la nane, na mzigo huo wa ziada wiki baada ya wiki ndio msuli unaoujibu.

Daftari langu la mwaka jana linaonyesha mgawanyo huo wa maji na msuli. Nilianza na kilo 74.0, benchi la kilo 70 marudio manane. Sikupakia dozi kubwa. Nilikunywa gramu 3 kila siku, maana tangu 1996 inajulikana kwamba gramu 3 kwa siku 28 zinajaza ghala sawa na gramu 20 kwa siku sita. Siku ya 28 nilikuwa na 74.9. Nikapiga mstari mwekundu pale na kuhesabu hiyo kuwa ndiyo sifuri yangu mpya. Wiki ya 16 nilifika 76.1, benchi marudio kumi na mawili. Kopo likaisha, nikaacha kwa wiki tano huku mazoezi yakiendelea. Uzito ulishuka mpaka 75.3, marudio yakawa kumi na moja, na futi kamba ya mkono ikasoma karibu pale pale. Kilichoondoka kilikuwa karibu sawa na kilichoingia mwezi wa kwanza. Watu wengi hapo huogopa, wanasema msuli umeyeyuka, kumbe ghala limerudi kiwango chake.

Kosa hilo limewahi kuvuruga hata vipimo vya kitaalamu, kwa sababu mashine nyingi huhesabu maji ya msuli kama msuli. Waaustralia katika utafiti wa 2025 waliwapa watu gramu 5 kwa siku wiki nzima kabla ya mazoezi kuanza. Walipanda karibu nusu kilo bila kunyanyua chochote. Baada ya wiki 12 za chuma, nyongeza yao na ya wasiotumia ilikuwa sawa.

Ukienda kupimwa figo, mwambie daktari kwamba unatumia kreatini, kwani inaweza kupandisha kreatinini, taka ya kreatini inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, bila figo kuwa na tatizo.

Kijana nilimshusha kwenye gramu 3. Atajipima asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, na kuchukua wastani. Ataandika marudio ya benchi na skwati kwa uzito ule ule. Ile 67.5 tumeiandika juu ya ukurasa mpya, na chini yake bado hakuna kitu.