Wote wamekwama asilimia 97: vipande vimeishia wapi?

*Mtaalamu, niko Arusha. Nimewagawia wenzangu watatu wa Moshi, Usa River na Karatu video ya GB 6 kwa torenti isiyo na traka, DHT peke yake. Nilipoona nimeshatuma zaidi ya GB 6 nikazima kompyuta. Sasa wote wamekwama asilimia 97. DHT imepoteza vipande vyangu?*

Hapana ndugu yangu, DHT haikuwahi kuvishika vipande hivyo. Torenti hulikata faili vipande vipande, na DHT ni daftari linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta zenyewe, badala ya traka, yaani seva moja ya kuwakutanisha. Inachotunza ni anwani tu: kwamba IP fulani, kwenye mlango fulani, ina faili lenye ufunguo fulani. Ufunguo huo ni hashi, yaani namba ya biti 160 inayokokotolewa kutoka kwenye maelezo ya torenti yako. Kila kompyuta iliyomo kwenye DHT nayo hujipa namba ya biti 160, na anwani zenu huwekwa kwa zile chache ambazo namba zao ziko karibu zaidi na ufunguo, hata kama wenyewe wako bara jingine na hawajui habari za video yako.

Ukaribu huu haupimwi kwa kilomita. Namba mbili hulinganishwa biti kwa biti kwa XOR: zikifanana ni 0, zikitofautiana ni 1, na jibu ndilo umbali. Tuchukue mfano wa biti nne. Mwenzako wa Moshi anatafuta ufunguo 1011, na kati ya anaowafahamu aliye karibu ni 1100:

```
1011 XOR 1100 = 0111 (7)
1011 XOR 1001 = 0010 (2)
1011 XOR 1010 = 0001 (1)
```

Anamuuliza 1100 kwa ujumbe wa `get_peers`. Huyo hana anwani, lakini anamtajia 1001. Naye 1001 anamtajia 1010, ambaye ndiye mwenye orodha. Ni kama kutafuta nyumba ya mtu Njiro ukianzia Soko la Kilombero: bodaboda wa kwanza haijui nyumba, ila anakijua kijiwe kilicho karibu nayo. Kila hatua hupunguza umbali kwa nusu hivi au zaidi, kwa hiyo hata zikiwa kompyuta milioni moja, hatua hazizidi 20 hivi. Wenzako walikupata na wakapatana wao kwa wao, maana yake kazi ya DHT iliisha salama. Ingefeli, wangekaa asilimia 0 bila kuona mtu.

Tatizo lako liko kwenye uchaguzi wa vipande. Tuseme faili lina vipande 6 tu, nawe umetuma mara 6 kisha ukazima. Kama wote watatu waliomba kwa mpangilio, ulimpa kila mmoja kipande cha 1, halafu cha 2. Umetuma mara 6, lakini vilivyotoka nje ni vipande viwili, na vinne umebaki navyo Arusha. Sasa kila mmoja aombe kwanza kipande kilicho adimu kuliko vyote kati ya anaowaona, na vikilingana achague kwa bahati nasibu. Mara 6 zilezile zinaweza kutoa vipande vyote 6, kisha watatu hao wakamalizana wenyewe bila wewe. Ndiyo maana torenti haishuki kwa mpangilio.

Hakuna msimamizi anayehesabu uadimu. Kila programu inapounganishwa na mwenzake hupokea `bitfield`, orodha ya vipande alivyonavyo, kisha ujumbe wa `have` kila anapokamilisha kipya. Hesabu hiyo huchelewa kidogo, hivyo wawili wanaweza kukuomba kipande kilekile kwa wakati mmoja. Hapo ndipo GB 6 ulizotuma zinapokosa kuwa GB 6 tofauti. Na kwa kuwa ni video, nashuku sana kuna aliyetaka kuanza kuitazama mapema akawasha `Download in sequential order`. Huyo anafuata mpangilio, adimu haimhusu, na kasi yako ya kutuma inaliwa na vipande ambavyo wenzake tayari wanavyo.

Kwamba wote wamesimama palepale ni dalili nzuri ya kusoma: walishapeana kila kilichokuwepo kati yao. Waambie waangalie safu ya `Availability`. Itakuwa karibu 0.97, chini ya 1, yaani kuna vipande ambavyo hakuna hata mmoja anavyo, na kanuni ya adimu haiwezi kuumba kisichokuwepo.

Washa kompyuta yako. Kama vipande ni vya MB 4, faili lina kama 1,500, na vilivyokosekana ni 45 hivi, MB 180. Mwenye mpangilio auzime kwanza, ili kila kipande kikitoka kwako mara moja wamalizie wenyewe. Na safari ijayo usitazame ulichotuma. Simamisha torenti yako dakika moja, mpigie wa Moshi akusomee `Availability`, na ikifika 1 au zaidi ukiwa haupo, zima.